Miezi Mingapi? Karakana Iliyoungua na Kipindi cha Fidia

Katika fomu ya maombi ya bima ya kusimama kwa biashara kuna nafasi ndogo inayouliza kipindi cha fidia kiwe miezi mingapi. Dalali anauliza, "Mama, tuandike mingapi?" Mwenye karakana anakumbuka kwamba fundi aliyejenga banda lake alimaliza kwa miezi mitatu. Anaongeza mitatu mingine ya tahadhari, anasema sita. Dalali anaandika sita. Jibu hilo limetolewa kwa nia njema kabisa, na ndilo linaloumiza wenye karakana wengi baada ya moto, kwa sababu limejibu swali ambalo halikuulizwa. Fomu haikuuliza banda linajengwa kwa muda gani. Imeuliza itachukua muda gani mpaka mauzo yarudi pale yalipokuwa.

Tutofautishe kwanza bima mbili ambazo watu huzichanganya. Bima ya moto hulipa vitu: jengo kama ni lako, mashine, mbao zilizokuwa stoo, samani zilizokuwa zinasubiri mteja. Bima ya kusimama kwa biashara hulipa kile ambacho biashara ingekiingiza lakini haikuingiza kwa sababu vitu hivyo viliungua. Hii ya pili haisimami peke yake. Masharti yake ya kawaida yanataka mali iwe na bima ya moto, na kampuni ya bima iwe imekubali kuwajibika kwa uharibifu huo. Mtu aliyekata bima ya kusimama kwa biashara akaziacha mashine zake bila bima ya moto atajikuta mikono mitupu pande zote mbili.

Nichukue karakana ya mfano, niiweke Keko, Dar es Salaam, mahali ambapo samani za mbao zimekuwa kazi ya mtaa mzima kwa miaka mingi. Ni ya mama mmoja, yuko kwenye banda la kupanga, ana mafundi wa kudumu, msumeno wa meza, mashine ya kuranda na mashine za kutoboa na kusugua. Anauza vitanda, makabati na seti za sebule kwa watu wa kawaida, na kila mwisho wa mwaka hupata oda ya madawati na meza kutoka shule binafsi zinazojiandaa kufungua Januari. Mauzo yake ni shilingi milioni 180 kwa mwaka. Kwa ajili ya hesabu nitayasawazisha yawe milioni 15 kila mwezi, ingawa hakuna karakana yenye miezi inayofanana hivyo.

Katika milioni 180 hizo, milioni 108 huenda kwenye mbao, plaiwudi, gundi, vanishi, bawaba na usafirishaji. Hizi ni gharama zinazofuata mauzo: usipotengeneza kabati, hununui mbao. Zinazobaki ni milioni 72, yaani asilimia 40 ya mauzo, na hizo ndizo mkataba wa bima huziita faida ghafi. Ndani yake kuna mishahara milioni 36, kodi ya banda milioni 12, riba ya mkopo milioni 6, na mlinzi, leseni na mengineyo milioni 6. Baada ya hayo yote, mama anabaki na milioni 12 zake.

Hapa ndipo kosa la kwanza huingia kabla hata ya kufika kwenye miezi. Mhasibu anapotengeneza hesabu za mwaka, naye huandika faida ghafi, lakini yeye huwa ameshaondoa mishahara ya mafundi wanaotengeneza bidhaa. Tuseme mafundi hao ni milioni 30 katika zile 36. Faida ghafi ya mhasibu itakuwa milioni 42. Mama akiichukua namba hiyo na kuiweka kwenye fomu, amekata bima ya milioni 42 mahali palipohitaji 72. Siku ya dai, kampuni itatumia kanuni ya uwiano: umejikinga kwa asilimia 58, basi kila hasara yako italipwa kwa asilimia 58. Ndiyo maana ni lazima kuuliza ni gharama zipi hasa mkataba unaziondoa, na kuamua kwa makusudi kama mishahara ya mafundi iko ndani au nje. Kwa karakana ya mbao ningesema iwe ndani. Fundi mzuri wa kuranda na kuunganisha akikaa bila mshahara anahamia banda la jirani, na wewe ukishafungua tena utakuwa na mashine mpya bila mikono ya kuziendesha.

Sasa twende kwenye miezi yenyewe.

Saa ya kipindi cha fidia huanza kuhesabu siku ya moto. Haianzi siku tathmini ilipokamilika, wala siku hundi ya bima ya moto ilipotoka, wala siku msingi ulipochimbwa. Mkataba wa mwaka ukiisha katikati, saa inaendelea tu, maana kinachotakiwa ni moto uwe umetokea wakati bima iko hai. Na saa hiyo ina mwisho wa namna mbili: mauzo yakirudi mahali pake, malipo yanakoma hata kama miezi uliyochagua haijaisha; na miezi ikiisha, malipo yanakoma hata kama mauzo hayajarudi. Kwa hiyo kuchagua miezi mingi hakumpi mtu fedha za bure. Kunamwekea ukuta mbali zaidi.

Tuseme moto umetokea mapema Februari, umeanzia kwenye nyaya, umeshika vumbi la mbao na tina, na banda limekwisha kabla gari la zimamoto halijapita kwenye vichochoro. Mpango anaouandika mama wiki ile ya kwanza ni huu: mwezi mmoja kusafisha na kupata hela, miwili kujenga, wiki chache kufunga mashine, Juni kazi inaanza. Karatasi hiyo si ya kipumbavu. Kila hatua ndani yake kweli inaweza kufanyika kwa muda ulioandikwa. Tatizo ni kwamba imeacha nafasi zilizo kati ya hatua moja na nyingine, na katika ujenzi wa baada ya moto nafasi hizo ndizo zinazokula kalenda.

Februari yote inakwenda bila kugusa jivu. Mtathmini wa hasara anatakiwa aone eneo kama lilivyo, na ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji inasubiriwa. Ukiyazoa mabaki mapema umejipunguzia ushahidi wa mashine ulizokuwa nazo. Machi inakuja na jambo ambalo mama hakuliweka kwenye mpango wake kabisa: banda si lake. Mwenye nyumba ndiye anayejenga, kwa hela zake au kwa bima yake kama anayo, na akishaona kiwanja kimekuwa cheupe anafikiria fremu za ghorofa badala ya banda la mabati. Mazungumzo hayo yanachukua wiki nyingi. Wakikubaliana kulirudisha banda, kinahitajika kibali cha ujenzi kutoka manispaa, na safari hii manispaa haitakubali mabati yaliyobanana na jirani kama ilivyokuwa zamani. Uwazi wa kuzuia moto usipite, mlango wa pili na nyaya zinazofuata kanuni vinarudisha mchoro mezani mara moja au mbili.

Ujenzi wenyewe unakwisha Julai. Wakati huohuo mashine ya kuranda imeagizwa kutoka nje, lakini mama hakuweza kuiagiza Februari, kwa sababu malipo ya bima ya moto yalikuwa hayajakubaliwa na muuzaji anataka sehemu kubwa ya hela mbele. Meli, forodha na usafiri vikiisha, mashine inasimama ndani ya banda jipya ikingoja umeme wa fezi tatu urudishwe, na umeme hauwezi kurudi kabla nyaya mpya hazijakaguliwa. Mwisho wa Agosti msumeno unazunguka. Mpango ulisema Juni. Hakuna aliyelala katika miezi hiyo, wala hakuna aliyefanya hila. Kila mmoja alimsubiri mwingine.

Mwenye kipindi cha fidia cha miezi sita amemaliza miezi yake mwisho wa Julai, kabla hajakata ubao wa kwanza.

Halafu inakuja sehemu ambayo hata watu makini huisahau, ya wateja. Mlango ukifunguliwa Septemba, mauzo hayafunguki nao. Aliyekuwa anataka kabati Aprili amelinunua kwingine, na amejua njia ya kwenda huko. Shule iliyokuwa ikiagiza madawati huanza mazungumzo Oktoba, nayo inataka kuona karakana yenye akiba ya mbao kavu na rekodi ya kumaliza oda kwa wakati. Mbao nazo hazikaushwi kwa siku moja. Stoo iliyoungua ilikuwa na mbao zilizokwisha kukauka kwa miezi, na mbao mbichi zikilazimishwa zitapinda ndani ya nyumba ya mteja. Mauzo hupanda taratibu: Septemba na Oktoba milioni 8 kila mwezi, Novemba na Desemba milioni 11, Januari 13, Februari 14, na Machi ya mwaka wa pili ndipo yanafika 15.

Katikati ya giza hilo mama alifanya jambo la busara. Kuanzia Aprili alikodi saa za mashine kwenye karakana ya jirani nyakati za jioni, akatimiza oda ndogo, akauza milioni 4 kwa mwezi kwa miezi mitano. Kukodi na kubeba mbao kulimgharimu milioni 1 na laki 2 za ziada kila mwezi. Bima hii hulipa gharama ya ziada ya namna hiyo, ila kwa mpaka: isizidi hasara iliyookolewa. Mauzo ya milioni 4 yaliokoa faida ghafi ya milioni 1 na laki 6, hivyo milioni 1 na laki 2 inakubalika yote. Angekuwa ametumia milioni 2, angelipwa milioni 1 na laki 6 tu, isipokuwa kama mkataba wake una nyongeza inayoruhusu zaidi.

Tukokotoe sasa. Kwa miezi sita ya kwanza mauzo yaliyopotea ni milioni 15 mara mbili, kisha milioni 11 mara nne, jumla milioni 74. Asilimia 40 yake ni milioni 29 na laki 6. Ongeza gharama za ziada za miezi minne, milioni 4 na laki 8. Punguza kodi ya banda ambayo haikulipwa, kwa kuwa banda halikuwepo, milioni 6. Anapata milioni 28 na laki 4. Kwa miezi kumi na miwili, mauzo yaliyopotea yanafika milioni 109, asilimia 40 yake ni milioni 43 na laki 6, ongeza milioni 6 za gharama za ziada, punguza milioni 7 za kodi ya miezi saba, anapata milioni 42 na laki 6. Siku za mwanzo ambazo mkataba huwa hauzilipi nimeziacha nje ya hesabu. Tofauti ya vipindi hivyo viwili ni milioni 14 na laki 2. Kumbuka kinachobaki mkononi mwa mama huyu kwa mwaka mzima ni milioni 12. Neno moja kwenye fomu limechukua zaidi ya mwaka wa jasho lake.

Je, kumi na miwili inatosha? Katika simulizi hili, karibu. Hasara ya mwezi wa kumi na tatu ni laki 4 tu. Lakini tazama ni jambo dogo kiasi gani linaweza kuisogeza kalenda. Mwenye nyumba akichelewesha makubaliano kwa miezi mitatu, mlango unafunguliwa Desemba badala ya Septemba, na milioni 4 na laki 4 za faida ghafi zinaangukia nje ya mwaka. Hiyo ni kwa mauzo niliyoyasawazisha. Katika hali halisi, kufungua Desemba ni kuikosa oda ya shule ya mwaka ule yote, na shule iliyopata fundi mwingine haina sababu ya kurudi mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo rai yangu kwa karakana ya kupanga, yenye mashine za kuagiza na mteja mmoja mkubwa wa msimu, ni miezi 18. Kwa fundi anayefanya kazi kwenye kiwanja chake, kwa mashine zinazopatikana madukani mjini, na wateja wengi wadogo wa mwaka mzima, 12 ni sawa. Sita siipendekezi kwa karakana yoyote inayotegemea jengo.

Msimu unastahili kuangaliwa peke yake. Katika kupima hasara, mtathmini hulinganisha mauzo ya baada ya moto na mauzo ya miezi ileile ya mwaka uliotangulia, kisha anarekebisha kwa mwenendo wa biashara. Kwa moto wa mapema Juni, kipindi cha miezi sita kinaisha Novemba. Mwezi ambao ungekuwa na hasara kubwa kuliko yote uko nje ya ukuta. Huwezi kuchagua siku ya moto, kwa hiyo kipindi lazima kichaguliwe kana kwamba moto utatokea katika mwezi mbaya kuliko yote.

Anayedhani kuchelewa ni kwa karakana ndogo tu akumbuke Soko la Kariakoo. Liliungua usiku wa Julai 10, 2021, serikali ikaingia kwa fedha na mkandarasi, na zaidi ya miaka miwili baadaye kazi bado ilikuwa inaendelea na wafanyabiashara wako kwingine. Kulikuwa na nia na bajeti. Lakini jengo lililoungua halirudishwi tu. Huchorwa upya, huongezwa, hukaguliwa, na kila nyongeza ina muda wake.

Wengi hukwepa miezi mingi kwa hofu ya ada. Hofu hiyo ipimwe kwa namba. Kwa kawaida ada ya miezi sita si nusu ya ada ya miezi kumi na miwili. Kampuni inajua kwamba hasara nzito iko miezi ya mwanzo, na chini ya masharti ya kawaida kiasi kinachokatiwa bima hubaki faida ghafi ya mwaka mzima hata ukichagua miezi sita. Mwombe dalali bei tatu kwa maandishi, za miezi 6, 12 na 18, kisha uziweke kando ya hesabu kama ile niliyoifanya juu.

Ukivuka miezi kumi na miwili, kiasi cha bima nacho hupanda. Kwa miezi 18 ni faida ghafi ya mwaka mara moja na nusu, kwa miaka miwili ni mara mbili. Na si faida ya mwaka uliopita. Chukua bima inayoanza Januari 2026 yenye kipindi cha miezi 18. Moto unaweza kutokea wiki ya mwisho ya Desemba 2026, na hasara ikaendelea hadi katikati ya 2028. Mama akiandika milioni 72 za mwaka 2025 mara moja na nusu, ni milioni 108. Lakini biashara yake ikikua kwa asilimia 10 kila mwaka, faida ghafi ya miezi hiyo 18 ni kama milioni 135. Amejikinga kwa asilimia 80, na ile kanuni ya uwiano inamsubiri. Aliyechagua miezi sahihi kwa kiasi cha zamani amefunga mlango mmoja na kuacha dirisha wazi.

Lipo jambo linalorefusha muda ambalo bima hii haiwezi kulibeba. Kama mashine zilikatiwa bima ya moto kwa bei zilizonunuliwa miaka kumi iliyopita, fidia yake haitanunua mashine ya leo, na mama atakaa akitafuta mkopo huku miezi ikipita. Mtathmini anaweza kusema ucheleweshaji huo umetokana na ukosefu wa mtaji, si na moto, na akahesabu hasara kwa muda ambao ukarabati ungechukua kama hela ingekuwepo. Thamani ya mashine kwenye bima ya moto ikaguliwe kila mwaka kwa bei ya kununua mpya, pamoja na meli na ushuru.

Na yote haya yanasimama juu ya uthibitisho wa mauzo. Daftari lililokuwa kwenye droo ya karakana limeungua pamoja na droo. Risiti za mashine ya EFD ndizo huokoa watu wengi, kwa kuwa taarifa zake za kila siku zimeshafika TRA na zinaweza kuchapwa upya. Upande wa pili wake ni mchungu: mauzo yaliyofanyika bila risiti hayana pa kuonekana, na mama aliyeuza milioni 15 kwa mwezi akatoa risiti za milioni 9 atafidiwa kama mwenye karakana ya milioni 9. Taarifa za benki, nakala za oda za shule na orodha ya mishahara zikae nyumbani au kwenye barua pepe, mbali na vanishi.

Mwisho wa mwezi wa kwanza baada ya moto, wakati mafundi wanauliza kama kuna mshahara, mama asisubiri hesabu ikamilike. Aandike kwa mtathmini kuomba malipo ya awali, aambatanishe mishahara ya mwezi na mauzo ya mwezi ule wa mwaka uliopita, na aombe hivyohivyo kila mwezi kadiri hasara inavyothibitika. Kila anaporefusha mpango wa ujenzi, tarehe mpya na sababu yake iende kwa maandishi siku hiyohiyo: barua ya mwenye nyumba, risiti ya maombi ya kibali, tarehe ya meli. Mtathmini atakapokuja kuuliza kwa nini Juni imekuwa Agosti, jibu liwe tayari kwenye faili.